Kazi ya saa 2 usiku inayogoma karani akishaondoka

Ghala la korosho upande wa Masasi, mwezi Novemba. Mizani haipumui kutwa nzima, na kila mzigo unaopimwa karani anauandika kwenye faili la Excel: jina la mkulima, kilo, daraja. Saa 2 usiku kompyuta inatakiwa yenyewe ichukue mafaili ya siku hiyo na kuyapeleka kwenye seva iliyo chumba cha mhasibu, ili kompyuta ya mizani ikiungua kesho, hesabu za wakulima zisiungue nayo. Kazi hiyo imepangwa kwenye `Task Scheduler`, na kwa wiki mbili inaonekana inatimia. Kisha mhasibu anagundua kwamba nakala za Jumanne na Ijumaa hazipo. Jumatano ipo, Alhamisi ipo. Karani anaapa hajagusa kitu.

Na kweli hajagusa. Tofauti ya siku hizo ni namna alivyoiacha kompyuta alipoondoka. Jumatano na Alhamisi alibonyeza Win+L, skrini ikajifunga, akaenda zake. Ijumaa aliitoka akaunti kabisa kwa `Sign out`, kama alivyofundishwa kwamba ndiyo adabu ya ofisi. Jumanne umeme ulikatika saa 12 jioni kwa muda mrefu, chaji ya UPS ikaisha, mashine ikazimika. Uliporudi, kompyuta iliwaka yenyewe kwa sababu imepangwa hivyo kwenye BIOS, ikafika kwenye skrini ya kuomba nenosiri na kubaki pale mpaka asubuhi.

Kwa macho ya mtu anayepita dirishani, hali zote tatu zinafanana: kompyuta inawaka, skrini inadai nenosiri. Kwa Windows hazifanani hata kidogo. Ukifunga skrini, akaunti yako bado imo ndani, programu zako zinaendelea kimyakimya nyuma ya pazia. Ukitoka kwa `Sign out`, kikao kimevunjwa. Na mashine iliyojiwasha baada ya umeme kurudi haina mtu yeyote aliyeingia, hata kama ina mwanga.

Chanzo ni chaguo ambalo hukuulizwa

Wengi hupanga kazi kwa kutumia `Create Basic Task`, kwa sababu inakushika mkono: jina, siku, saa, programu, basi. Haikuulizi kazi iendeshwe kwa akaunti ya nani wala katika hali gani. Inajaza yenyewe, na inachojaza ni `Run only when user is logged on`, yaani endesha tu mtumiaji akiwa ameingia. Mtumiaji anayesemwa hapo ni yule mwenye jina lililoandikwa kwenye kazi, si mtu yeyote. Kama kazi ni ya akaunti ya `karani` na usiku huo meneja ndiye aliyeingia, haitaanza.

Ili usibahatishe, fungua dirisha la amri na uulize. Kwenye mfano wetu kazi inaitwa NakalaGhala:

```
schtasks /query /tn NakalaGhala /v /fo list
```

Majibu ni marefu. Tafuta mstari wa `Logon Mode`. Ukisoma `Interactive only`, umempata mchawi. Kazi iliyorekebishwa itasoma `Interactive/Background`.

Ushahidi wa pili uko kwenye historia ya kazi, ila kwa kawaida Windows huwa imeizima. Fungua `Task Scheduler` kama msimamizi, na kwenye safu ya kulia bonyeza `Enable All Tasks History`. Kuanzia hapo, kila usiku kazi ikishindwa kwa sababu hii utaona tukio namba 332, ambalo linasema waziwazi kwamba kazi haikuanzishwa kwa kuwa mtumiaji hakuwa ameingia wakati masharti yalipotimia. Historia hairudi nyuma, kwa hiyo iwashe leo hata kama huna shida leo.

Hapa ndipo watu wengi wanapokimbilia dawa isiyo sahihi: wanaweka alama kwenye `Run with highest privileges`. Kisanduku hicho kinaipa kazi madaraka ya juu kabisa ambayo akaunti yake inayo. Hakihusiani kabisa na nani ameingia. Wengine wanaipanga kompyuta iingie akaunti yenyewe kila inapowaka, bila nenosiri. Hiyo inaponya usiku kama wa Jumanne, si wa Ijumaa ambapo karani ametoka mwenyewe, na inamwachia mlinzi, mchukuzi na mpita njia hesabu za wakulima wazi juu ya meza. Kwenye kompyuta ya mizani, hiyo si dawa.

Kubadilisha chaguo, na nenosiri linaloombwa

Bonyeza Win+R, andika `taskschd.msc`, bofya kitufe cha kulia juu ya kazi, chagua `Properties`. Kwenye kichupo cha `General` hamisha alama kwenda `Run whether user is logged on or not`. Ukibonyeza `OK`, Windows itaomba nenosiri la akaunti inayoendesha kazi, na hapa ndipo mafundi wengi wanakwama mara ya kwanza.

Kinachotakiwa ni nenosiri lenyewe. Namba ya PIN unayobonyeza kila asubuhi haitapokelewa, kwa sababu PIN ni ya kuingilia kwenye mashine hiyo tu na si nenosiri la akaunti. Kama akaunti ni ya Microsoft, weka nenosiri la ile barua pepe. Na kama akaunti haina nenosiri kabisa, jambo la kawaida kwenye kompyuta za ofisi ndogo, Windows itakataa: akaunti isiyo na nenosiri inaruhusiwa kuingia kwa mtu aliyekaa mbele ya mashine tu, na si kwa kazi ya nyuma ya pazia.

Njia nzuri kuliko kutumia akaunti ya karani ni kufungua akaunti ya pekee kwa ajili ya kazi za usiku, tuiite `usiku`. Karani akibadilisha nenosiri lake, au akihamia ghala lingine mwisho wa msimu, kazi haiguswi. Maana kazi iliyohifadhi nenosiri la zamani haijui kwamba limebadilika. Itajaribu, itakataliwa, na kwenye safu ya `Last Run Result` utaona `0x8007052E`. Ukishaona namba hiyo usihangaike na kitu kingine: jina la akaunti au nenosiri si sahihi.

Kuna mtego mdogo kwenye kufungua akaunti hiyo. Ukiifungua kwa amri ya `net user`, nenosiri lake kwa kawaida hufa baada ya siku 42. Kazi uliyoipanga mwanzo wa Oktoba itaenda vizuri, kisha itakata katikati ya Novemba, mizani ikiwa haina nafasi hata ya kupumua, na hakuna atakayekumbuka kilichofanyika siku arobaini zilizopita. Kwenye PowerShell iliyofunguliwa kama msimamizi, ondoa ukomo huo:

```
Set-LocalUser -Name usiku -PasswordNeverExpires $true
```

Halafu kwenye `General`, bonyeza `Change User or Group`, weka `usiku`, na uhakikishe akaunti hiyo ina ruhusa ya kusoma folda ya mafaili ya mizani na kuandika pale panapokaa kumbukumbu ya kazi. Haki ya kuendesha kazi za nyuma ya pazia, `Log on as a batch job`, Windows huitoa yenyewe unapohifadhi kazi. Itakosekana tu pale ambapo sera za ofisi kubwa zinaidhibiti, na hapo ni msimamizi wa mtandao ndiye wa kuonwa.

Chini ya chaguo hilo kuna kisanduku kinachovutia: `Do not store password`. Watu hukiweka alama ili waepuke usumbufu wa nenosiri, na maneno yanayofuata hawayasomi. Yanasema kazi itafikia vitu vya kompyuta hii tu. Na ndivyo ilivyo: bila nenosiri, Windows inaweza kuiendesha kazi kwa jina la `usiku` ndani ya mashine, lakini seva ya mhasibu ikiuliza uthibitisho, kazi haina cha kuonyesha. Kama kazi yako inasafisha folda au inatengeneza nakala kwenye diski ileile, kiweke alama kwa amani, ni salama zaidi. Kwa kazi inayovuka mtandao, kiache wazi.

Swali linalofuata kwa kawaida ni kwa nini tusitumie akaunti ya `SYSTEM`, isiyohitaji nenosiri lolote. Kwa kazi za ndani ya mashine inafaa, ingawa ina madaraka makubwa kupita kiasi kwa kunakili mafaili. Ila kwenye ofisi ambayo kompyuta zake hazijaunganishwa kwenye domeni, na maghala mengi ya chama cha ushirika yako hivyo, `SYSTEM` ya mashine moja ni mgeni kabisa kwa mashine nyingine. Seva itaifungia mlango. Suluhisho la ofisi ya namna hiyo ni rahisi: fungua akaunti ya `usiku` kwenye seva pia, jina lilelile na nenosiri lilelile, kisha uipe ruhusa ya kuandika kwenye folda ya nakala. Kazi ikifika mlangoni, seva inalitambua jina na nenosiri, inafungua.

Sasa inaanza, lakini mafaili hayafiki

Hapa ndipo mtu hukata tamaa, kwa sababu amerekebisha chaguo na bado mambo hayaendi. Lakini tatizo limeshabadilika. Mwanzo kazi haikuanza. Sasa inaanza na kufia njiani, na sababu ziko ndani ya faili la amri. Chukua mfano wa faili kama hili, mistari miwili tu:

```
copy *.xlsx Z:\
pause
```

Karani akilibofya mara mbili, linafanya kazi bila doa. Kwa kazi ya nyuma ya pazia lina makosa matatu, yote yakiwa kwenye vitu ambavyo karani anavipata bila kujua anapolibofya mwenyewe.

La kwanza ni `Z:`. Herufi hiyo ya diski ya mtandao ni mali ya kikao cha karani. Ilitengenezwa alipoingia na inaondoka naye. Kazi ya usiku inafunguliwa kikao chake kipya, na huko hakuna `Z:`. Andika njia kamili ya seva badala yake, kwa mfano `\\SEVA\Nakala`.

La pili ni `*.xlsx` isiyosema iko folda gani. Ukibofya faili kwa mkono, Windows huanzia kwenye folda ya faili hilo. Kazi iliyopangwa huanzia `C:\Windows\System32` usipoielekeza, na huko hakuna hesabu ya korosho hata moja. Unaweza kujaza sehemu ya `Start in` kwenye kichupo cha `Actions`, bila alama za kunukuu hata kama njia ina nafasi, kwa sababu alama hizo peke yake zinatosha kuiangusha kazi. Afadhali zaidi, andika njia kamili ndani ya faili lenyewe, mtu asije akaisahau siku anapoihamisha.

La tatu, na ndilo lenye madhara ya ajabu kuliko yote, ni `pause`. Amri hiyo inasubiri mtu abonyeze kitufe. Kazi inayoendeshwa bila mtu kuingia iko kwenye kikao namba 0, ambacho tangu Windows Vista kimetengwa na skrini za watumiaji. Dirisha lake lipo, ila halionekani popote, hata kama wewe mwenyewe umeingia na unakodolea macho skrini saa 2 kamili. Kwa hiyo linasubiri kitufe ambacho hakuna wa kukibonyeza. Kwenye orodha utaona `Running`, na matokeo `0x41301`, maana yake bado inaendelea. Kesho yake saa 2 ikifika, Windows inaona ile ya jana haijaisha, na kwa kuwa mpangilio wa kawaida ni `Do not start a new instance`, haianzishi mpya. Inaendelea hivyo mpaka ukomo wa kawaida wa siku 3 ufike ndipo inauawa. Kosa la usiku mmoja linakula nakala za siku tatu. Kwa kazi inayochukua dakika mbili, nenda kichupo cha `Settings` cha kazi hiyo ushushe `Stop the task if it runs longer than` iwe saa 1.

Faili lililorekebishwa:

```
@echo off
robocopy C:\Ghala\Mizani \\SEVA\Nakala *.xlsx /r:3 /w:10 /log+:C:\Ghala\nakala.log
if %errorlevel% geq 8 exit 8
exit 0
```

`robocopy` ni bora kuliko `copy` kwa sababu haipeleki tena faili ambalo halijabadilika na inaacha kumbukumbu. Lakini ina tabia mbili za kujua. Ikikuta faili limeshikwa na programu nyingine, bila maelekezo itajaribu tena mara milioni moja, kila mara ikisubiri sekunde 30. Ndiyo maana tumeiambia ijaribu mara 3 kwa sekunde 10. Na namba inazotoa mwishoni zinasomwa tofauti na programu nyingine: 1 inamaanisha mafaili yamenakiliwa vizuri, si kosa. Ukiiacha bila mistari miwili ya mwisho, kila usiku uliofanikiwa utaonekana `0x1`, na mtu atahangaika kutibu mzima. Kuanzia 8 kwenda juu ndipo kuna kilichoshindikana.

Kikao hiki kisicho na skrini kina mpaka mmoja ambao hauvukiki kwa kisanduku chochote. Kama kazi yako inaifungua Excel yenyewe ili iendeshe makro na kutoa ripoti, usitegemee itatulia nyuma ya pazia. Ujumbe mmoja tu wa Excel wa kuuliza "unataka kuhifadhi?" unaikwamisha, na Microsoft wenyewe hawaungi mkono Office kuendeshwa bila mtu. Kunakili faili la Excel ni kazi ya usiku. Kulifungua iwe kazi ya karani asubuhi.

UPS nayo

Turudi kwenye umeme, maana kuna sharti jingine linalofanana sana na ugonjwa huu na linawachanganya mafundi wa huku Kusini. Kwenye kichupo cha `Conditions`, Windows huweka alama yenyewe kwenye `Start the task only if the computer is on AC power`, na chini yake sharti la kuisimamisha kazi mashine ikihamia kwenye betri. Mtu mwenye kompyuta ya mezani husema hayo ni ya laptopu, hayamhusu. Lakini UPS iliyounganishwa kwa waya wa USB huonekana kwa Windows kama betri. Umeme ukikatika saa 1:50 usiku na UPS ikashika, saa 2 ikifika Windows inajihesabu iko kwenye betri, na kazi haianzi. Ondoa alama zote mbili kama UPS yako inaweza kubeba mashine kwa dakika tano; nakala haihitaji zaidi ya hapo.

Kwa usiku ambao mashine ilizimika kabisa, weka alama kwenye `Run task as soon as possible after a scheduled start is missed` ndani ya `Settings`. Kompyuta ikiwaka tena, kazi iliyopitwa itaanza, kwa kawaida baada ya kama dakika 10 hivi. Usidhani imekataa kabla hazijapita.

Na kwa kuwa tumeshataja saa: `Task Scheduler` inahesabu kizungu. Saa 2 usiku ni `8:00 PM`. Aliyeandika `2:00 AM` ameipanga saa 8 ya usiku wa manane, na kwenye ghala ambalo mlinzi huzima swichi kuu saa 4, kazi hiyo haitaendeshwa hata chaguo zote zikiwa sawasawa.

Kujaribu bila kujidanganya

Kubonyeza `Run` ukiwa umeingia kunaonyesha kama faili la amri ni zima, lakini hakuthibitishi kile ulichokuja kurekebisha. Badilisha muda wa kazi uwe dakika tano mbele, kisha toka kwa `Sign out`, si kufunga skrini. Subiri dakika kumi bila kuingia. Ukirudi, usianze na `Task Scheduler`. Fungua `C:\Ghala\nakala.log` uangalie saa iliyoandikwa, halafu nenda kwenye seva uangalie tarehe za mafaili. Ikipita hapo, rudia mara moja zaidi kwa kuiwasha upya mashine na kuiacha kwenye skrini ya nenosiri bila mtu kuingia, maana hiyo ndiyo hali ya Jumanne.

Matokeo yakiwa `0x0` na seva haina kitu kipya, soma kumbukumbu kabla ya kugusa mpangilio wowote: yaelekea folda iliyotajwa haina mafaili ya kupeleka. Matokeo yakiwa `0x8`, na kumbukumbu inasema `Access is denied`, kazi imefika mlangoni na kukataliwa. Angalia nenosiri la `usiku` pande zote mbili, kisha ruhusa za folda kwenye seva, zile za kushirikisha na zile za faili, kwa sababu ni lazima zote mbili zikubali kuandika. Na kama kumbukumbu haina mstari wowote wa usiku huo, kazi haikuanza kabisa. Rudi kwenye historia utafute 332. Isipokuwepo, kague upya kichupo cha `Conditions`.